Mtoto Mmoja, Vipimo Vinne

Njombe ni mkoa unaozalisha chakula. Mahindi, viazi mviringo, maharage na parachichi hutoka huko kwa malori kwenda kulisha miji ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa. Kwa jirani zao wa Iringa hali ilikuwa mbaya zaidi, asilimia 57, wakati kiwango cha Tanzania nzima kilikuwa asilimia 30. Chakula kipo, na watoto hawakui inavyotakiwa. Swali hilo linawavuta wanafunzi wengi wa lishe na afya ya jamii, na lina haki ya kuwavuta.

Tuseme mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili ameamua kulifanyia kazi. Mada yake ni uhusiano kati ya uhakika wa chakula wa kaya, elimu ya mama, na udumavu wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sura ya kwanza na ya pili za pendekezo lake zimekwenda vizuri. Anafika sura ya tatu, ile ya mbinu, na chini ya kichwa cha vibadilika anaandika hivi: "Kibadilika tegemezi ni udumavu, ambao utapimwa kwa kuangalia urefu wa mtoto kulingana na umri wake. Vibadilika huru ni uhakika wa chakula na elimu ya mama, ambavyo vitapimwa kwa dodoso."

Kilugha sentensi hizo hazina tatizo. Tatizo linaanza pale wadadisi wawili wanapozichukua kama maagizo ya kazi na kwenda nazo vijiji viwili tofauti. Mmoja atamsimamisha mtoto ukutani na kuvuta utepe wa fundi cherehani, mwingine atamlaza kwenye ubao. Mmoja atauliza "mtoto ana miaka mingapi?" na kuandika 2, mwingine atadai kadi ya kliniki na kuandika tarehe ya kuzaliwa. Wote wawili watakuwa wametii pendekezo neno kwa neno, na namba zao zitakuwa za vitu viwili tofauti ambavyo vimewekwa safu moja.

Kinachokosekana ni fasili ya kiutendaji, yaani maelezo ya kitu kwa vitendo vinavyokipima. Percy Bridgman, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ndiye aliyelijenga wazo hili katika kitabu alichotoa mwaka 1927. Alisema kwamba tukitaka kujua dhana fulani ina maana gani, tutazame ni vitendo gani tunavifanya tunapoipima. Urefu ni kile unachokipata ukipanga rula kwa namna hii na kusoma kwa namna ile. Wanafalsafa wamebishana naye sana tangu hapo, na kwa sababu nzuri, kwa kuwa udumavu una maana pana kuliko kipimo chochote kimoja. Lakini kwa ukurasa wa mbinu hoja yake inatosha: msomaji asiyekujua aweze kurudia ulichofanya bila kukupigia simu.

Tuanze na udumavu wenyewe, kwa sababu hapo ndipo pana mengi ya kujifunza.

Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ukuaji wa watoto mwaka 2006. Vilijengwa kwa kupima watoto wa nchi sita, Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, waliolelewa katika mazingira mazuri: walinyonyeshwa, mama zao hawakuvuta sigara, walipata huduma za afya. Kilichobainika ni kwamba watoto wadogo wa Accra, Muscat na Oslo hukua kwa kufanana mno wakipewa nafasi. Kwa hiyo jedwali hilo linaonyesha mtoto anavyopaswa kukua, awe wa wapi. Mtoto wa utafiti wetu analinganishwa na wenzake wa jinsia na umri wake katika jedwali, kisha umbali wake kutoka katikati unahesabiwa kwa mkengeuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi watoto wanavyotawanyika kuzunguka katikati hiyo. Umbali huo huitwa alama Z. Aliye chini ya −2 anahesabiwa amedumaa, na aliye chini ya −3 amedumaa vikali.

Mwanafunzi wetu akiongeza hayo kwenye pendekezo atakuwa amepiga hatua kubwa, lakini bado. Mfikirie mvulana aliyetimiza miezi 24 siku ya kupimwa. Anawaogopa wageni, analia, anakataa kusimama. Wadadisi wanamlaza kwenye ubao, mmoja anashika kichwa na mwingine anabana magoti na kusukuma kibao cha miguuni. Ubao unasoma sentimita 81.3, nao wanaandika hivyo na kuondoka.

Binadamu akilala huwa mrefu kidogo kuliko akisimama, kwa kuwa uti wa mgongo haubebi uzito. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinajua hilo: mtoto wa chini ya miezi 24 hupimwa amelala, na wa miezi 24 na kuendelea hupimwa amesimama. Aliyetakiwa kusimama akipimwa amelala, unatoa sentimita 0.7. Aliyetakiwa kulala akipimwa amesimama, unaongeza hizo hizo 0.7. Kwa mvulana wa miezi 24 aliyesimama, urefu wa katikati ni sentimita 87.1 na mkengeuko sanifu ni takriban 3.06. Vipimo vya mvulana wetu vikirekebishwa anabaki na 80.6, na alama yake inakuwa −2.13. Amedumaa. Lakini kama dodoso halina kisanduku cha kuonyesha amelazwa au amesimamishwa, kompyuta itachukua ile 81.3 kama ya kusimama na kumpa −1.90. Hajadumaa. Milimita saba zimemhamisha mtoto kutoka kundi moja kwenda jingine, na hakuna atakayegundua, kwa sababu namba zote mbili zinaonekana za kawaida kabisa.

Umri una nguvu zaidi ya hapo. Mchukue mvulana mwingine mwenye sentimita 84, amesimama. Mama anasema ana miaka miwili, mdadisi anaandika miezi 24, na alama Z inatoka karibu −1.0, ambayo haimtii mtu wasiwasi. Kadi ya kliniki iko ndani ya sanduku, na ikitolewa inaonyesha mtoto ana miezi 30. Katikati ya wavulana wa miezi 30 ni sentimita 91.9, na mpaka wa −2 ni 85.1. Mtoto yule yule, mwenye urefu ule ule, sasa ana alama ya karibu −2.3. Mama hakudanganya. Katika mazungumzo ya kawaida mtoto ana miaka miwili mpaka siku anapotimiza mitatu. Ni pendekezo la utafiti ndilo lililopaswa kusema kwamba umri utakokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi na tarehe ya upimaji, na kueleza kitakachofanyika kadi isipokuwepo: labda kutumia kalenda ya matukio ya kijiji kukadiria mwezi aliozaliwa, labda kumwacha mtoto huyo nje ya uchambuzi. Uamuzi wowote kati ya hiyo unaweza kutetewa mbele ya jopo. Kutoamua hakuwezi.

Sasa tuje kwenye ngazi za upimaji, ambazo katika mapendekezo mengi huwekwa kama safu ya mwisho ya jedwali, zikajazwa haraka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Ngazi hizi nne zilipangwa na Stanley Smith Stevens, mwanasaikolojia wa Harvard pia, katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Science mwaka 1946. Wakati huo kulikuwa na mabishano ya miaka mingi kuhusu kama hisia za binadamu, mfano ukubwa wa sauti anaousikia mtu, zinaweza kupimwa kweli. Jibu la Stevens lilikuwa kwamba kupima ni kuvipa vitu namba kwa kufuata kanuni, na kanuni zikitofautiana, namba nazo zinabeba habari za aina tofauti.

Mvulana wetu wa miezi 24 anaweza kupita ngazi zote nne peke yake. Urefu wake wa sentimita 80.6 uko katika ngazi ya uwiano. Sifuri ya urefu ni kutokuwepo kwa urefu, kwa hiyo ni sahihi kusema mtoto wa sentimita 100 ni mrefu mara mbili ya kichanga wa sentimita 50. Alama yake ya −2.13 iko katika ngazi ya vipindi. Nafasi kati ya −1 na −2 ni sawa na nafasi kati ya −2 na −3, ndiyo maana unaweza kuchukua wastani wa alama za kijiji kizima. Lakini sifuri hapa ni katikati ya jedwali, si kukosa kitu, na kwa hiyo huwezi kusema mwenye −2 amedumaa mara mbili ya mwenye −1. Ukimweka katika makundi matatu, hajadumaa, amedumaa kiasi, amedumaa vikali, umeshuka hadi ngazi ya mpangilio: unajua nani yuko mbele ya nani, hujui kwa kiasi gani. Ukimwandikia ndiyo au hapana, umefika ngazi ya majina, ambapo 1 na 0 ni lebo tu za makundi mawili.

Kwa hiyo mtu akiuliza "udumavu uko ngazi gani?", swali lake halina jibu mpaka aseme ameupima na kuuandika vipi. Ngazi ni tabia ya namba ulizoziandika. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa kuwa wanafunzi hukariri orodha ya vitu na ngazi zake, umri uwiano, jinsia majina, elimu mpangilio, kana kwamba ngazi imezaliwa pamoja na jina la kibadilika. Umri ulioulizwa kwa makundi ya miezi 6 hadi 11, 12 hadi 23, 24 hadi 59 si wa ngazi ya uwiano tena. Ni wa mpangilio, na hata hatua zake hazilingani.

Kushuka ngazi ni rahisi na kupanda hakuwezekani. Ukiwa na sentimita, jinsia na tarehe, utapata alama Z, makundi matatu, na ndiyo au hapana, wakati wowote ukitaka. Ukiwa na ndiyo na hapana tu, sentimita hazirudi. Ndiyo maana mimi nashauri jedwali la vibadilika lionyeshe mambo mawili kando kando: ngazi ambayo kitu kinakusanywa nayo shambani, na ngazi ambayo kitatumika nayo katika uchambuzi. Mtoto anapimwa kwa sentimita na kuchambuliwa kwa ndiyo au hapana? Vizuri, sema hivyo na toa sababu.

Sababu ipo, na gharama pia ipo. Wakuu wa wilaya na mashirika huuliza ni asilimia ngapi wamedumaa, na asilimia inahitaji makundi mawili. Ukichagua njia hiyo utatumia jaribio la kai-mraba au rigresheni ya lojistiki. Lakini katika makundi mawili mtoto wa −1.95 na wa −2.05, ambao tofauti yao ni chini ya nusu sentimita, wanatenganishwa, huku wa −2.05 na wa −4 wakihesabiwa ni kitu kimoja. Ukiibakiza alama Z kama ilivyo na kutumia rigresheni ya mstari, unaona tofauti zote hizo, na mara nyingi sampuli ndogo inatosha kugundua uhusiano ambao makundi mawili yangeuficha. Kwa mwanafunzi mwenye watoto mia mbili na bajeti ndogo, hilo si jambo la kupuuza. Anaweza kufanya uchambuzi mkuu kwa alama Z na kutoa asilimia kwa ajili ya maelezo.

Uhakika wa chakula una ugumu wa aina nyingine, kwa sababu hakuna ubao wa kuupimia. Hapa watafiti wengi hutumia dodoso la HFIAS, lililotolewa katika umbo lake la sasa mwaka 2007. Lina maswali tisa kuhusu wiki nne zilizopita. Linaanza na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha, linapita kwenye kushindwa kula vyakula unavyovipenda, kupunguza aina za vyakula, kupunguza kiasi na idadi ya milo, na linaishia kwenye mambo matatu mazito: nyumbani kukosa chakula cha aina yoyote, kulala na njaa, na kukaa mchana na usiku mzima bila kula. Anayejibu ndiyo anaulizwa mara ngapi: nadra, yaani mara moja au mbili, wakati mwingine, mara tatu hadi kumi, au mara nyingi, zaidi ya kumi. Majibu hayo hupewa 1, 2 na 3, na aliyejibu hapana hupata 0.

Kutokana na maswali hayo hayo unaweza kutengeneza vibadilika viwili ambavyo havikubaliani kila wakati. Cha kwanza ni jumla ya alama, kutoka 0 hadi 27. Cha pili ni kundi la kaya: yenye uhakika wa chakula, au isiyo na uhakika kwa kiwango kidogo, cha kati, au kikubwa. Wengi hudhani makundi hayo hupatikana kwa kuikata jumla vipande vinne. Sivyo. Kundi hutokana na jibu zito zaidi ambalo kaya imetoa. Kaya ya kwanza imesema ilikuwa na wasiwasi mara nyingi na mengine yote hapana: jumla yake ni 3, na iko kundi la kiwango kidogo. Kaya ya pili imesema ilikuwa na wasiwasi mara moja, ilikosa chakula inachokipenda mara moja, na usiku mmoja mtu alilala na njaa: jumla yake ni 3 pia, lakini iko kundi la kiwango kikubwa, kwa sababu kulala na njaa, hata mara moja, kunatosha kuipeleka huko. Pendekezo linalosema tu "uhakika wa chakula utapimwa kwa HFIAS" limewaacha wasomaji wachague wenyewe ni kipi kati ya hivyo viwili.

Ile jumla ya 0 hadi 27 ina mgogoro wake wa ngazi. Imetokana na kujumlisha majibu ya mpangilio, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba kutoka alama 2 hadi 5 ni umbali sawa na kutoka 20 hadi 23. Watafiti wengi huitumia kama ya ngazi ya vipindi na kuikokotolea wastani, wengine hukataa na kutumia kipimo cha uhusiano cha Spearman kinachotazama mpangilio tu. Naona njia ya kwanza inakubalika mtafiti akisema waziwazi kwamba ni dhana aliyoichukua, na akaangalia kama matokeo yanabaki vilevile kwa njia ya pili. Kinachonisumbua ni kuandika "ngazi: vipindi" na kupita, kana kwamba namba zenyewe zimesema.

Elimu ya mama itatuchukua muda mfupi. Uliza darasa la juu kabisa alilolimaliza na uandike idadi ya miaka; makundi utayatengeneza baadaye. Neno "msingi" peke yake halitoshi, kwa kuwa aliyemaliza msingi Tanzania kwa mfumo wa zamani alisoma miaka saba na mwenzake wa Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 alisoma minane, na aliyeishia la nne wakati mwingine naye hujibu "msingi". Uamue pia kama miaka ya kurudia darasa inahesabiwa. Mimi nisingeihesabu.

Kuhusu vibadilika vya majina, kama kijiji au chanzo cha maji, hatari iko kwenye programu. SPSS ina safu ya Measure yenye machaguo matatu, Nominal, Ordinal na Scale, ambapo ngazi ya vipindi na ya uwiano zimeunganishwa katika hiyo Scale. Ukimpa kisima namba 1, bomba 2 na mto 3, kisha ukaomba wastani, utapewa 1.8 bila onyo lolote.

Baada ya haya yote, aya ya udumavu katika sura ya tatu ingeweza kusomeka hivi: "Kibadilika tegemezi ni alama Z ya urefu kwa umri, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, iliyokokotolewa kwa programu ya WHO Anthro. Urefu utapimwa kwa ubao wa mbao hadi milimita moja, mtoto akiwa hana viatu na mapambo ya nywele yameondolewa. Wa chini ya miezi 24 amelala, wengine wamesimama, na mkao utaandikwa kwa kila mtoto. Kila mtoto atapimwa na wadadisi wawili bila kuonyeshana. Wakitofautiana kwa zaidi ya sentimita 0.7 wote watarudia, na wastani wa vipimo vyao ndio utakaotumika. Umri utakokotolewa kutoka tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Asiye na kadi ataondolewa katika uchambuzi mkuu na idadi yao kutajwa. Alama iliyo chini ya −6 au juu ya +6 itachukuliwa kuwa kosa la upimaji. Alama Z ni ya ngazi ya vipindi. Kwa maelezo ya asilimia, mtoto wa chini ya −2 atahesabiwa amedumaa, katika ngazi ya majina yenye makundi mawili." Ni ndefu kuliko sentensi ya mwanzo, ndiyo. Kila kipande chake kinajibu swali ambalo mdadisi angelikuta njiani.

Hata fasili nzuri inaweza kupotea kwenye kompyuta. Katika programu ya Stata, thamani inayokosekana huhesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Mtafiti akiandika kwamba amedumaa ni yule wa chini ya −2 na kuishia hapo, watoto wote ambao hawakupimwa wataingia kundi la wasiodumaa, na asilimia itashuka kwa uongo. Amri inayofuata fasili yetu ni hii:

```
replace haz = . if haz < -6 | haz > 6
gen amedumaa = (haz < -2) if !missing(haz)
```

Kipande cha mwisho, kile cha `if !missing(haz)`, ndicho kinachowaacha wasiopimwa nje ya hesabu.

Data zenyewe pia husema kama fasili ilifuatwa shambani. Panga vipimo vya urefu kwa tarakimu yake ya mwisho. Ubao ukisomwa kwa uaminifu, kila tarakimu kutoka 0 hadi 9 hutokea karibu mara moja katika kila kumi. Ukikuta nusu ya watoto wameishia kwenye .0 na .5, wadadisi walikuwa wanakadiria. Tazama pia mtawanyiko wa alama Z zote: mkengeuko wake ukizidi sana 1.3, shaka ya kwanza iwe juu ya tarehe za kuzaliwa na mikao, kabla ya kuamini kwamba kijiji kina watoto warefu ajabu na wafupi ajabu kwa pamoja. Kazi hii inafaa kufanywa jioni ya siku ya kwanza ya majaribio, wakati mdadisi bado anaweza kurudishwa kwenye ubao.

Linabaki jambo moja ambalo jedwali lililojazwa vizuri hulifichua, na ni zito kwa swali la Njombe. Ukiandika fasili ya udumavu na ya uhakika wa chakula zikiwa zimepangwa juu na chini, unaona muda wake haulingani. Urefu wa mtoto wa miaka mitatu umejengwa tangu mimba, hasa katika siku elfu moja za mwanzo. HFIAS inauliza wiki nne tu. Ukipita Julai, baada ya mavuno, kaya nyingi zitasema chakula kipo. Ukipita Februari, mahindi yakiwa bado shambani, kaya zilezile zitajibu vingine, huku urefu wa watoto wao ukiwa karibu ule ule. Utafiti wa Julai unaweza kuhitimisha kwamba uhakika wa chakula hauhusiani na udumavu, wakati kilichotokea ni kwamba umelinganisha historia ya miaka na habari ya mwezi mmoja. Mwanafunzi wetu anaweza kuongeza swali jingine linalotumika sana: katika miezi 12 iliyopita, ni miezi gani kaya haikuwa na chakula cha kutosha? Jibu lake ni idadi ya miezi, kutoka 0 hadi 12, ngazi ya uwiano, ambapo miezi sita ni kweli mara mbili ya mitatu. Haifiki siku elfu moja, na kumbukumbu ya mama kuhusu mwezi wa kumi nyuma si imara kama ya wiki iliyopita. Lakini inapita katika msimu mzima wa kilimo, na mwezi wa kukusanya data ukiandikwa kwenye fasili, atakayerudia utafiti huo Makete au Ludewa atajua aende lini.